"Naomba" yetu na "I beg" yao

Mpwa wangu alinitumia barua yake ya kuomba kazi usiku kwa Wasap, na chini yake akaandika: "Shikamoo mjomba. Naomba unipitishie macho, kesho ndiyo siku ya mwisho." Ana mwaka mmoja hapa Uingereza, alikuja kumfuata mumewe. Kazi aliyoiona ilikuwa ya msaidizi wa wauguzi hospitalini. Nikaifungua nikiwa nimesimama jikoni, bado sijavua viatu vya zamu, na mstari wa kwanza tu ukanirudisha kidato cha pili: "Please refer to the heading above."

Nani kati yetu hajaandika hivyo? Ni "husika na kichwa cha habari hapo juu", imevalishwa suti ya Kiingereza. Kwetu sentensi hiyo ina kazi yake. Ni kama kubisha hodi, huwezi kuingia kwenye maneno bila kuipitia. Msomaji wa huku hajui kwamba unabisha hodi. Anaona amepewa amri ya kurudisha macho juu kwenye kichwa ambacho ameshakisoma nusu dakika iliyopita, anarudi, anakikuta ni kilekile, na hajaelewa kwa nini ametumwa.

Sentensi ya pili ndiyo iliyonifanya nivute kiti: "I humbly beg to apply for the above mentioned post in your esteemed organisation." Mpwa wangu alikuwa akisema jambo la kawaida kabisa: naomba kazi kwenye hospitali yenu. Tatizo limelala kwenye hilo "naomba". Kiswahili chetu kinalitumia neno hilo mchana kutwa bila kujishusha hata kidogo. Naomba chai. Naomba nipite. Naomba namba yako. Hata bosi humwambia karani "naomba hilo faili", na hakuna anayedhani bosi kapiga magoti. Lakini "beg" ni neno la mtu aliyekaa barabarani na kopo, au la mtu anayesihi asiuawe. Ukilitia kwenye barua ya kazi, msomaji ama anakuonea huruma ama anaona aibu kwa niaba yako, na hakuna anayeajiriwa kwa hisia hizo mbili.

Ajabu ni kwamba maneno haya hatukuyatunga sisi. Waingereza wenyewe waliandika hivyo. Karani wa biashara wa enzi za Malkia Viktoria alianza barua na "we beg to acknowledge", na ofisa wa serikali ya kikoloni alimaliza na "I have the honour to be, Sir, your obedient servant", hata kama anayemwandikia alikuwa hampendi. Mafaili ya Tanganyika na Kenya yamejaa fomula hiyo, na "wako mtiifu" ya barua zetu inafanana nayo kama pacha. Baadaye wenyewe wakaichoka. Mwaka 1948 serikali yao ilichapisha kitabu kidogo cha ofisa mmoja mstaafu, Ernest Gowers, kilichowafundisha watumishi wa umma kuandika kama watu wanaozungumza na watu. Wao wakaanza kuyavua mavazi hayo. Sisi tulibaki nayo, tukayapiga pasi, na walimu wetu wakatupa alama kwa jinsi tulivyoyavaa vizuri.

Tukiyapima moja moja, "beg" nishalimaliza. "Humbly" ni sahihi kisarufi na haimkeri mtu, ila siku hizi mwenyeji akilitumia kwenye barua ya kawaida huwa anatania. Linabaki mahali pachache. Ukimwandikia Mfalme mwenyewe, utaratibu wa jadi unakuruhusu kumaliza ukijiita mtumishi wake mnyenyekevu na mtiifu. Kwa meneja wa wodi, hapana.

"Esteemed" ni baya zaidi, kwa sababu limetumiwa sana na matapeli. Mtu yeyote wa huku mwenye baruapepe ameshapokea ujumbe kutoka kwa mjane wa jenerali fulani mwenye mamilioni benki, na ujumbe wa namna hiyo huwa umejaa hayo maneno: "esteemed", "humbly", "your kind indulgence". Kwa hiyo heshima yako inaingia ofisini ikiwa imevaa koti la mwizi. Na hata tapeli asingekuwapo, sifa isiyo na sababu haionyeshi kwamba unaijua hospitali. Kama unaiheshimu, taja kitu chake kimoja: wodi ya wazee uliyowahi kumtembelea mgonjwa, au mafunzo wanayotoa kwa wasaidizi wapya.

"Kindly" lilinitokea puani mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza, ghalani, nilimwandikia msimamizi: "Kindly send me the rota." Kichwani mwangu nilikuwa nimeandika "tafadhali sana". Akaja hadi kwenye rafu niliyokuwa napanga, akaniuliza kama kuna jambo limeniudhi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kwa Waingereza wengi neno hilo ni la mtu aliyeishiwa subira, ni sauti ya tangazo la ukutani linalokukataza kuegesha gari. "Please" ya kawaida ingetosha. Wahindi na Wanaijeria wanalitumia kama sisi, na kati yetu halina neno, lakini msimamizi yule hakuwa wa kwetu.

Yapo pia yanayosikika ya kifahari na bado ni ya asili kabisa. "I would be grateful if you could" ni Kiingereza hai cha barua rasmi, liache. "I look forward to hearing from you" vilevile. "Thank you in advance", yaani natanguliza shukrani, liko katikati: halina kosa, ila wengine huliona kama umeshawakatia hukumu kwamba watakubali. Mimi siliweki ninapoomba kitu kikubwa.

Turudi kwa mpwa. Baada ya salamu zote hizo barua iliendelea: Mtanzania, jinsia ya kike, umri miaka 27, ameolewa, mtoto mmoja, mchapakazi, mcha Mungu, anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa sana. Halafu "Yours obediently" na jina. Nikampigia.

"Mama, pale zahanati Muheza ulifanya kazi miaka mingapi?"

"Miwili, mjomba."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Kupima presha, kupima watoto uzito, kuandika kwenye daftari. Na wazee wasioweza kutembea nilikuwa nawaogesha wakilazwa."

"Mbona hapa halimo hata moja?"

Kimya. Kisha akasema, "Niliona ni kujisifu."

Hapo ndipo unyenyekevu unapomgharimu mtu hela. Kazi za hospitali za huku huambatana na karatasi ya sifa zinazotakiwa, zimegawanywa za lazima na za ziada. Anayechuja maombi kwa kawaida anakuwa na orodha hiyo mkononi na anatoa alama kwa kila sifa: je, ameonyesha uzoefu wa kuhudumia wagonjwa? Je, ameonyesha anaweza kutunza kumbukumbu? "Humbly" haina kisanduku. "Hardworking" pia haina, maana kila mtu ameandika hivyo. Umri, ndoa na dini ni mambo ambayo sheria yao ya usawa ya mwaka 2010 inakataza mwajiri kumbagulia mtu, kwa hiyo ukiyaandika unampa msomaji mzigo ambao hajui auweke wapi. Barua ya mpwa wangu ilikuwa na adabu tele, na kwa hesabu ya mchujaji ingepata sifuri.

Tukaiandika upya mpaka saa saba usiku. Ilianza: "I am applying for the post of healthcare assistant." Basi. Mstari uliofuata ukasema kwamba kwa miaka miwili alikuwa msaidizi kwenye zahanati mkoani Tanga, akipima presha na uzito na kuandika kumbukumbu za wagonjwa. Kisha tukachukua ile karatasi ya sifa, na kwa kila sifa ya lazima tukaweka tukio moja. Penye mawasiliano aliandika kuhusu bibi mmoja asiyesikia vizuri, alivyokuwa akikaa mbele yake ili aone midomo. Sentensi nne tu, lakini ukizisoma unamwona bibi.

Mwishoni palikuwa na suala la salamu. Kanuni ya Waingereza ni rahisi: kama hujui jina na umeanza na "Dear Sir or Madam", unamaliza "Yours faithfully", kama umetaja jina la ukoo, unamaliza "Yours sincerely". Kwenye baruapepe "Kind regards" inatosha. Ila angalia mtego huu wa kwetu: tunasema Bwana Juma na Mama Asha, kwa hiyo tunaandika "Dear Mr John". Kwao "Mr" hufuatwa na jina la ukoo, na ukiweka la kwanza inasikika kama mtoto wa chekechea anamwita mwalimu.

"Sasa mjomba," akaniuliza, "adabu iko wapi humu? Mbona kama namwamuru?"

Swali zuri, na lilinichukua miaka kulijibu. Adabu wanayo, tena nyingi kupita kiasi, ila hawaiweki kwenye maneno ya kujishusha. Wanaificha kwenye kitenzi. Mwingereza akitaka likizo hasemi "I humbly request for your permission", ambayo hata sarufi yake ina kasoro, maana kitenzi "request" hakihitaji "for". Anasema "I was wondering if I could take the first week of August off." Anajiuliza tu, tena alikuwa anajiuliza, jana huko, wala si sasa. Anarudi nyuma kwa wakati uliopita ili asikusonge. Nikamwuliza mpwa wangu: ukitaka kumkopa jirani unaanzaje?

Akafikiri. "Nilikuwa nakuulizia, kama itawezekana..."

Ndiyo hiyohiyo. Nilikuwa. Kama. Itawezekana. Kiswahili cha mdomoni kina mbinu ileile, ila kwenye barua tulifundishwa kukiacha nje ya mlango.

Aliitwa kwenye usaili wiki tatu baadaye, na sasa yuko wodi ya mifupa. Juzi dada yangu, mama yake, akaniomba nimwandikie barua ya Kiswahili ya kuomba kupimiwa kiwanja, ipelekwe kwa mkurugenzi wa halmashauri. Nikaandika kama nilivyozoea huku: naomba kupimiwa kiwanja changu, kipo mahali fulani, nyaraka nimeambatanisha. Mistari mitano. Akanipigia simu jioni ileile.

"Kaka, umegombana na hawa watu?"

Nikairudia. Husika na kichwa cha habari hapo juu.