Siku nilipoacha kumshauri mteja wangu

Katika miaka yangu ya mwanzo ya ukocha, yaani kazi ya kumsaidia mtu kwa maswali apate jibu lake mwenyewe, nilidhani nauliza maswali, kumbe nilikuwa nikitoa ushauri wenye alama ya kuuliza mwishoni. Aliyenifanya nibaini hilo ni mteja mwenye duka la vifaa vya ujenzi jijini Mwanza, aliyeniruhusu kusimulia habari hii. Mdogo wake, aliyekuwa akiuza dukani, alikuwa akichukua fedha za mauzo bila kuomba ruhusa.

Nilimwuliza, “Je, hujafikiria kuajiri mtu asiye ndugu?” Akajibu, “Ndiyo, lakini mama atasemaje?” Nikamwuliza kama asingeweza kufunga kamera, naye akasema, “Ndiyo, lakini duka ni dogo.” Jibu la “ndiyo, lakini” likijirudia, ni dalili kwamba wazo ni la kocha na mteja amebakiwa na kazi ya kulikataa. Swali la “kwa nini humwambii?” nalo lilimfanya ajitetee kama mshtakiwa.

Katika kikao kilichofuata nilimwomba aipime hali ya dukani kati ya 0 na 10, ambapo 10 ni vile anavyotaka iwe. Akasema 4. Watu wengi hapo huuliza kinachokosekana ili kufika 10, lakini mimi nilimwuliza, “Ni nini kinachokufanya useme 4 na si 2?” Swali hili humpeleka mtu kwenye yale ambayo tayari yanakwenda sawa, nayo mara nyingi hajawahi kuyatazama.

Alinyamaza muda mrefu, akiuzungusha ufunguo wa duka mezani. Nilitamani sana kumsaidia, ila nilijizuia, kwa kuwa macho yake yalikuwa yametazama pembeni, na mtu anayetazama hivyo mara nyingi bado anatafuta. Angenitazama mimi, ningedhani amekwama. Hatimaye akasema, “Jumamosi hesabu hazipungui, dada.”

“Jumamosi kuna nini tofauti?”

“Huwa nampa posho mkononi.” Akatulia tena. Nikaongeza swali moja tu, “Na nini kingine?” Ndipo akasema kwa sauti ya chini, “Sijawahi kumpangia mshahara. Anajilipa mwenyewe.”

Mimi nisingelipata jibu hilo hata kama ningeshauri mwaka mzima, maana sikujua habari za posho. Kilichobaki kilikuwa kumwuliza atafanya nini, lini, na atajuaje kwamba kimefanikiwa. Alichagua kuzungumza na mdogo wake Alhamisi baada ya kufunga duka.

Aliponiuliza kama makubaliano hayo yaandikwe, sikumrudishia swali. Nilimweleza wazi kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi kwa maandishi. Jambo la sheria halimo ndani ya mteja, na kumzungusha kwa maswali ni kumpotezea muda. Kiwango cha mshahara alikipanga yeye.