Dozi ya Saa 8 Usiku

Katika masika ya mwaka 2023, jioni ya Ijumaa, mwanangu wa mwisho alikutwa na malaria katika zahanati iliyo jirani na kwetu Mbagala. Alikuwa na umri wa miaka 3 na uzito wa kilo 13. Muuguzi aliyempima ananifahamu kuwa ni kiziwi, kwa hiyo hakuhangaika kupaza sauti. Alichukua kalamu akaniandikia nyuma ya kadi ya mtoto: kidonge 1 cha mseto kila dozi, cha kwanza anakunywa hapo hapo saa 12 jioni, cha pili saa 8 usiku. Maneno "saa 8 usiku" aliyapigia mstari chini mara mbili, kisha akanitazama usoni kuhakikisha kwamba nimeyasoma.

Wanaotumia mseto wanajua kwamba dozi ya pili ndiyo inayosumbua. Dozi zote ni 6, na ya pili hutolewa saa 8 baada ya ya kwanza, halafu zinazobaki hufuata asubuhi na jioni katika siku mbili zinazofuata. Ukianza asubuhi, dozi ya pili inaangukia mchana na hakuna shida. Ukianza jioni, kama sisi siku ile, inaangukia katikati ya usingizi.

Kwa kawaida usiku kama huo ningemtegemea baba watoto, ambaye anasikia, lakini wiki ile alikuwa na lori njiani kwenda Tunduma. Mama mwenye nyumba, kwa wema wake, alijitolea kuja kunigongea mlango. Nilimshukuru, nikamwonyesha komeo la ndani: mlango ukishafungwa, hata angegonga na jiwe nisingejua, na kulala mlango wazi pale kwetu ni jambo ambalo hakuna mama angelikubali. Ilibaki saa yangu ya mkononi, saa janja ya bei ya kawaida niliyoinunua Kariakoo miezi michache kabla, ambayo mchana ilikuwa ikinikumbusha mambo yangu kwa kutetema bila kuniangusha.

Ninasema mchana kwa sababu maalumu. Rafiki yangu mmoja, kiziwi mwenzangu, ni fundi wa simu Kariakoo, na saa za aina hii amezifungua nyingi. Nilimpigia kwa video nikamweleza kwa Lugha ya Alama kwamba nimeandika kikumbusho cha dawa kwenye simu na saa itanitetemesha. Alinikatiza mara moja. Aliniambia nizime blututhi ya simu, niandike kikumbusho kingine cha dakika tatu mbele, kisha nikae kimya niangalie mkono wangu. Dakika tatu zikapita, ya nne ikapita. Simu ilikuwa imewaka kioo mezani, na saa haikutikisika.

Alinieleza sababu kwa utulivu, huku akiiweka simu yake chini ili mikono yote miwili iwe huru. Kikumbusho kinachoandikwa kwenye simu kinakaa kwenye simu. Saa inapelekewa tu taarifa kwa njia ya blututhi, na ili taarifa ile ifike ni lazima mambo kadhaa yawe sawa kwa wakati mmoja: simu iwe na chaji, isiwe mbali, na programu inayoiunganisha na saa iwe bado inafanya kazi. Mchana hayo yote huwa sawa kwa sababu simu inashikwashikwa. Usiku simu ikikaa kioo kimezima kwa saa nyingi, nyingi ya simu tunazotumia huifunga programu ile ili kutunza chaji, na haziulizi kama kuna mtu anaisubiri. Mtu anayesikia hapotezi kitu, kwani simu yenyewe bado italia. Kiziwi anabaki amelala.

Kwa hiyo nilikiacha kikumbusho cha simu nikaiweka alamu ndani ya saa yenyewe, kwenye ukurasa wake ulioandikwa Alarm. Alamu ya namna hii inahifadhiwa mkononi na inahesabu muda kwa mashine ya saa, hata simu ikizimika kabisa. Tuliijaribu blututhi ikiwa bado imezimwa, na safari hii mkono ulitetema kwa dakika ile ile. Nikaandika 02:00, ambayo ndiyo saa 8 usiku, na nyingine ya 02:10. Rafiki yangu aliisisitiza ile ya pili kuliko ya kwanza. Alisema mtu aliye usingizini huweza kubonyeza kitufe cha pembeni mtetemo ukakatika, asubuhi asikumbuke kabisa kwamba aliamshwa.

Dozi zilizobaki zilihitaji kufikiri kidogo, na hapa naona ndipo wengi wangeteleza. Jambo la haraka lingekuwa kuweka alamu ya 06:00 na ya 18:00 zijirudie kila siku. Lakini mtoto aliyeanza Ijumaa saa 12 jioni na kunywa tena saa 8 usiku hapaswi kupewa kidonge Jumamosi saa 12 asubuhi. Dozi ya tatu ni Jumamosi saa 12 jioni. Ya nne ni Jumapili asubuhi, ya tano Jumapili jioni, na ya sita Jumatatu asubuhi. Saa yangu inaruhusu kuchagua siku za juma, kwa hiyo alamu ya 18:00 niliipa Jumamosi na Jumapili, na ya 06:00 nikaipa Jumapili na Jumatatu. Zile za usiku niliziweka Once, zipige mara moja tu. Nililinganisha na kadi ya muuguzi mstari kwa mstari hadi nikaridhika.

Kisha tukaja kwenye mtetemo wenyewe. Ndani ya saa kama yangu, kwa maelezo ya rafiki yangu, mna kijimota bapa chenye upana wa kifungo cha shati, ambacho uzito wake umeegemezwa upande mmoja. Kinapozunguka, uzito ule huyumba na kuitikisa saa nzima. Lakini mtikisiko ule haufiki kwenye ngozi ikiwa mgongo wa saa haujaigusa. Mkanda uliolegea, ambao mchana unapendeza kwa sababu ya joto letu, usiku unaifanya saa itetemee hewani. Niliisogeza saa juu kidogo ya kifundo cha mkono, mahali ambapo mgongo wake unalala bapa, nikaikaza hadi kidole kipite kwa shida bila kubana damu. Nikaongeza nguvu ya mtetemo hadi mwisho, nikaweka alamu ya dakika tano mbele, nikajilaza kitandani kama ninavyolala kweli, mkono ukiwa chini ya shavu. Ilipofika niliisikia hadi kwenye taya.

Zamani nilikuwa nikiweka simu chini ya mto, na wasikiao wengi hunishauri hivyo hivyo hadi leo. Godoro la sponji linaumeza mtetemo, na simu yenyewe huteleza polepole hadi ukutani au sakafuni. Saa ina faida moja kubwa, kwamba inakwenda na mwili unakogeukia.

Kulikuwa na jambo la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Anayesikia anaweza kutofautisha mlio wa ujumbe na mlio wa alamu hata akiwa nusu usingizini. Mkononi mwangu, kwenye saa ile, ujumbe wa kikundi cha kikoba, simu ya mtu aliyekosea namba na alamu ya dawa ya mwanangu vyote vinatetema karibu sawa. Mwili ukishazoea kutikiswa mara kwa mara kwa mambo yasiyo na haraka, unajifunza kuendelea kulala. Niliingia kwenye orodha ya programu zinazoruhusiwa kutuma taarifa kwenye saa nikazizima zote, moja baada ya nyingine, hata ya ujumbe wa baba watoto, ambaye nilikuwa nimeshamwandikia hali ya mtoto. Usiku ule mkono wangu ungetetema kwa sababu moja tu.

Umeme ulikatika mnamo saa 3 usiku, na saa ilikuwa na chaji ya asilimia 34. Saa iliyo kwenye chaja haiko mkononi, na isiyo mkononi kwangu ni kama haipo, kwa hiyo haikufaa kuiacha ichaji nikiwa nimelala. Niliichomeka kwenye chaja ya akiba nikakaa macho, nikimfuta mtoto kwa kitambaa chenye maji, hadi ilipopita asilimia 70, ndipo nikaivaa. Niliandaa kila kitu juu ya stuli: kidonge, kijiko, maji kidogo ya kukiyeyushia, na kikombe cha maziwa, maana dawa hii huingia vizuri mwilini ikifuatana na mafuta. Mtoto nilimlaza ubavuni, mgongo wake ukigusa tumbo langu. Saa ile haijui kama mtoto analia au anatapika, na kwa hilo hakuna cha kukitegemea zaidi ya mwili kugusana na mwili.

Niliamka kwa mtetemo wa kwanza. Ulikuja kwa mikupuo, mrefu, kisha kimya, kisha mrefu tena, na kabla sijafumbua macho nilishajua ni nini, kwa kuwa hakikuwapo kingine cha kuwa. Nilibonyeza kitufe, nikawasha tochi, nikakiyeyusha kidonge hadi maji yakawa ya njano. Mtoto alikunywa akiwa ananuna, akanywa na maziwa nusu kikombe. Nilikuwa bado nimemshika wima begani, nikimpapasa mgongo asije akatapika, alamu ya 02:10 ilipotetema, nikaizima nikiwa macho kabisa.

Asubuhi rafiki yangu aliniuliza kwa video ni ipi kati ya zile mbili iliyoniamsha. Nilipomwambia ni ya kwanza, alifurahi, lakini akanitaka niiache ile ya pili katika kila jambo ambalo haliwezi kusubiri, kwa sababu usingizi wa usiku mmoja haufanani na wa usiku mwingine. Jumamosi saa 12 asubuhi saa haikutetema, kama ilivyopaswa. Jioni yake ilitetema, na Jumapili mara mbili, na Jumatatu asubuhi mtoto alikunywa kidonge cha sita huku akidai chapati. Baba watoto aliporudi kutoka Tunduma nilimwonyesha ukurasa wa alamu na namna ya kuchagua siku, ili siku nikiugua mimi aweze kuniwekea. Taarifa za kikoba sikuzirudisha kwenye saa. Ninazisoma kwenye simu nikipata nafasi.