Rejesho ni lilelile, dola ndizo zinazozidi

Leo nimetuma rejesho la mkopo wangu wa masomo: dola 373. Nilipoanza kulipa nilituma dola 301. Benki haijaongeza hata shilingi moja, rejesho ni shilingi 48,200 tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana naudhika nikisikia kwamba shilingi ya Kenya ikipata nguvu sote tunapumua. Mwenye deni la shilingi na mshahara wa dola hapumui.

Nilikopa shilingi milioni 2 Agosti 2021, nije Marekani kusoma shahada ya pili. Riba ilikuwa asilimia 13 kwa mwaka, mdhamini ni kaka yangu. Dola moja ilikuwa karibu shilingi 109, kwa hiyo nilipata dola elfu 18 na kidogo. Afisa wa mikopo akaniambia sitalipa chochote mpaka miezi 6 ipite baada ya masomo. Mimi nikashika hilo la kutolipa, nikaondoka nimefurahi.

Kumbe riba ilianza kuhesabiwa siku pesa zilipotoka. Miaka 2 ya masomo na ile miezi 6 ni miezi 30, na kwa shilingi 260,000 kila mwaka, riba ikafika 650,000. Siku ya kuanza kulipa wakaijumlisha kwenye deni la msingi, likawa milioni 2.65, ndipo wakaligawa kwa miaka 7. Kama ningelipa riba peke yake kila mwezi nikiwa chuoni, kama 21,700, leo rejesho lingekuwa karibu 36,400. Najua mwanafunzi hana hela hizo kila mwezi. Lakini hata ukilipa nusu yake, deni halitavimba hivyo. Unayejiandaa kuja, muulize afisa swali hili kabla ya kutia sahihi: riba ya kipindi cha neema, yaani miezi ya kutolipa, inakwenda wapi?

Jambo jingine, saa ya benki haisubiri upate kazi. Inahesabu kuanzia tarehe ya kumaliza masomo iliyoandikwa kwenye mkataba. Hapa mhitimu wa kigeni huomba kwanza kibali cha kazi kiitwacho OPT. Mimi kusubiri kibali, kisha kutafuta kazi, kisha kungoja mshahara wa kwanza, kulimeza karibu miezi yote 6. Rejesho la kwanza lilinikuta na mishahara miwili tu.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa Februari 2024, dola ikiwa shilingi 160. Nikapiga hesabu, 48,200 ni dola 301, nikapanga kodi ya nyumba na maisha yangu yote juu ya namba hiyo. Kufika Aprili dola ilikuwa karibu 131, rejesho likawa dola 368. Sababu ilijulikana. Watu waliogopa kwamba serikali ya Kenya ingeshindwa kulipa Yurobondi, yaani deni lake kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni. Februari hiyo serikali ikakopa bilioni 1.5 na kuanza kuinunua ile ya zamani, hofu ikaisha, dola ikashuka. Tangu hapo imekaa kwenye 129 hivi.

Rafiki niliyesoma naye yuko upande wa pili. Yeye alikopa kwa dola, akarudi nyumbani, analipa dola 330 kila mwezi kutoka kwenye mshahara wa shilingi. Alipokopa aliona hiyo ni shilingi 36,000. Rejesho lake la kwanza lilimtoka karibu 52,800. Kwake yeye Aprili ile ilikuwa nafuu, kwangu ilikuwa pigo, na kisa ni kilekile.

Kwa hiyo kabla hujakopa, amua kwanza utakuwa unalipwa pesa gani wakati wa kulipa, kisha kopa kwa pesa hiyo ukiweza. Ukishindwa, usipange bajeti kwa bei ya leo inayokupendeza. Mimi ningetumia ile 109 ya siku ya kukopa: rejesho lingekuwa dola 442. Kama mshahara ungebeba 442, hizi 373 zisingenishtua.

Kubaki huku kunabadilisha jambo moja zaidi. Mwajiri wa nyumbani angekata rejesho moja kwa moja kwenye mshahara wangu. Wa huku benki haina njia ya kumfikia. Kulipa kwa wakati ni juu yangu. Mwezi mmoja nilituma siku ya mwisho, Ijumaa, pesa zikaingia Jumatatu. Benki haikunipigia mimi. Ilimpigia kaka, akiwa kazini, mbele ya wenzake. Jioni akaniuliza kwa upole, "Kuna shida huko?" Tangu siku hiyo natuma siku 5 kabla, na risiti namtumia yeye kwanza.