Ujumbe wa simu uliomfanya mama mwenye mgahawa Mtumba anunue mboga zangu kila wiki

Nalima mboga Hombolo, Dodoma, kwa kumwagilia: nyanya, hoho, bamia na chainizi. Kwa muda mrefu nyanya zangu zilikuwa zinaondoka na dalali anayekuja na gari shambani, anahesabu matenga, analipa na kuondoka. Bei anapanga yeye. Tenga nililopima mwenyewe lilikuwa na kilo 40 hivi, na wakati huo alikuwa analichukua kwa shilingi 25,000, yaani kama shilingi 625 kwa kilo. Nyanya ndogondogo na zile zenye makovu hakuzitaka kabisa.

Tangu ofisi za wizara zianze kazi Mtumba mwaka 2019, migahawa imeongezeka kule, na barabara yetu ya Hombolo inatokea Ihumwa, jirani kabisa na Mtumba. Ina maana mzigo wangu ukienda mjini unapita karibu na mlango wa mgahawa, halafu mwenye mgahawa anamtuma kijana mpaka Soko la Majengo kwenda kununua nyanya za aina ileile. Jambo hilo liliniuma kila nilipolifikiria.

Kabla ya kuandika chochote nilikwenda kula. Nilichagua mgahawa mmoja wenye watu wengi mchana, nikaagiza wali maharage, nikaangalia sahani za wenzangu. Kachumbari iliwekwa kwenye kila sahani, na rosti ya nyama ilikuwa nzito ya nyanya. Baada ya watu kupungua nilimsalimia mama mwenye mgahawa, nikamwambia mimi ni mkulima, nikamwomba namba. Kijana wake wa sokoni alikuwa anaosha masufuria. Nilimuuliza wananunua nyanya kiasi gani, akasema sado nne kila siku ya kazi, sado moja shilingi 4,000, pamoja na nauli yake na ya mzigo kama shilingi 4,000 kwa siku.

Maneno hayo ya kijana ndiyo yaliyobeba ujumbe wote. Nyumbani nilijaza sado ya nyanya zangu nikaiweka kwenye mizani: kilo tatu. Kwa hiyo mama anatumia kilo 12 kwa siku, na kwa kuwa watu wa ofisi wanakula hapo Jumatatu hadi Ijumaa tu, ni kilo 60 kwa wiki. Sado 20 ni shilingi 80,000, nauli 20,000, jumla laki moja. Ndani ya hizo, kwa nilivyoziona sahani, theluthi moja ndiyo inakwenda kwenye kachumbari. Theluthi mbili zinapondwa na kupikwa, na nyanya ya kupondwa haihitaji kuwa kubwa wala kupendeza, inahitaji kuwa nzima na imeiva.

Hapo nikapata cha kumwambia. Niliutuma ujumbe saa kumi jioni, kwa sababu mchana simu ya mama lishe haina mtu wa kuisoma, na usiku keshapanga ya kesho. Niliandika, sikutuma sauti, ili aweze kumwonyesha mpishi wake. Ulisema hivi:

«Shikamoo mama. Ni yule kijana wa Hombolo niliyekula hapo kwako Jumatano nikakuomba namba. Naomba nikuletee nyanya mgahawani kila Jumatatu na Alhamisi kabla ya saa moja asubuhi. Za kachumbari, ngumu na kubwa, kilo shilingi 1,400. Za rosti, ndogo au zenye kovu lakini nzima, kilo shilingi 1,000. Tunapima kwa mizani mlangoni kwako. Iliyooza au iliyopasuka naitoa hapohapo, huilipii. Nauli ni juu yangu. Kwa kuanza naomba wiki mbili tu, kilo 30 kila siku ya kuleta. Ukiona haikufai tunaachana kwa wema. Malipo kila Ijumaa. Nimekutumia picha ya shamba na ya nyanya zikiwa kwenye mizani. Nije kesho saa kumi jioni tuongee?»

Sikumwandikia hesabu ya akiba yake. Anajua anachotumia kuliko mimi, na mtu mzima kuhesabiwa fedha zake na kijana asiyemjua si jambo zuri. Lakini bei niliipanga ili akipiga hesabu mwenyewe aione: kilo 20 za kachumbari ni shilingi 28,000, kilo 40 za rosti ni 40,000, jumla 68,000 badala ya laki. Kwa upande wangu, nikitoa 10,000 ya kusafirisha mara mbili kwa wiki, inabaki 58,000, kama shilingi 967 kwa kilo. Tena humo ndani kuna zile nyanya ambazo dalali alikuwa anazikataa.

Jibu lilikuja baada ya magharibi: «Marahaba mwanangu. Wengine waliahidi hivyohivyo wakapotea bei ilipopanda. Wewe masika utafanyaje?»

Hilo ndilo swali la kweli katika biashara hii, na nilifurahi kwamba aliliuliza mapema. Hapa kwetu mvua inanyesha Desemba hadi Aprili. Nyanya ikipata maji mengi ya juu inashikwa na ukungu: mabaka ya kahawia yanatokea kwenye majani, yanashuka kwenye shina, na shamba linaweza kukauka ndani ya siku chache. Shehena inapungua, bei inaruka, na mkulima aliyeahidi kilo 60 anaona dalali amesimama shambani na fedha mkononi. Wengi wanauza pembeni wakati huo, na simu wanazima.

Nilimjibu kwamba masika sitaahidi kilo 60. Nitaahidi kilo 15 kila siku ya kuleta, na hizo zitatengwa kabla dalali hajafika. Kila Ijumaa jioni nitamwandikia kiasi cha wiki inayofuata, ili kama kuna upungufu awe na Jumamosi na Jumapili za kutafuta kwingine. Akaandika neno moja: «Njoo.»

Tulipokaa, mambo mawili yalichukua muda mrefu. La kwanza lilikuwa bei itakapobadilika. Alitaka bei moja mwaka mzima, mimi nikasema hapo mmoja wetu ataumia na ataondoka. Tukakubaliana kutumia kipimo anachokijua yeye: sado ya Majengo. Ikiwa sado itakaa chini ya shilingi 3,000 au juu ya shilingi 6,000 kwa wiki nzima, tunakaa upya. Katikati ya hapo hakuna anayepiga simu kulalamika. Bei mpya itapangwa kwa kilo na haitazidi ya sokoni ikijumlishwa na nauli.

La pili lilikuwa malipo. Yeye alipendekeza mwisho wa mwezi, na alikuwa na sababu. Wapo wateja wanaokula kwa daftari wakisubiri mshahara, na chakula cha mikutano kinalipwa kwa kuchelewa. Lakini mimi mafuta ya pampu nanunua kila baada ya siku chache, na pampu ikikaa bila mafuta wiki moja wakati wa kiangazi, maua ya nyanya yanapukutika. Tulitenganisha. Mzigo wa kawaida unalipwa kila Ijumaa kwa simu. Mzigo wa mkutano unaagizwa siku mbili kabla, nusu inalipwa kwanza, nusu baadaye hata ikichelewa. Tukanunua daftari la kaboni: kila mzigo unaandikwa kilo za kila aina, mpishi anasaini, nakala moja kwake, moja kwangu. Daftari hilo limetuokoa na ubishi mara nyingi.

Katika zile wiki mbili za kujaribu, kazi kubwa ilikuwa kwenye kuchuma. Mzigo wa Jumatatu unatakiwa utumike hadi Jumatano, na ukileta nyanya zote zimeiva sawasawa, siku ya tatu zimelainika na kutoa maji. Kwa hiyo nachuma makundi mawili. Za siku ya kwanza ni nyekundu kabisa. Za siku zinazofuata ni zile zilizoanza kubadilika rangi kitakoni, bado ngumu ukizibonyeza kwa kidole gumba. Nazipanga kwenye masanduku tofauti ya plastiki, si kwenye tenga refu, maana kwenye tenga za chini zinabebeshwa uzito wa zote na zinapasuka kabla ya kufika Ihumwa. Sanduku la nyekundu nalifunga utepe, mpishi anajua aanze na lipi. Nachuma jioni jua likishalegea na kuziacha usiku kivulini zipoe, alfajiri zinapanda gari.

Chainizi aliiomba yeye mwenyewe baadaye. Nilimwambia majani hayakai: hata nikiyafunga kwenye gunia lililoloweshwa, siku ya pili yanaanza kunyauka. Akabadilisha ratiba yake ya mboga. Chainizi inapikwa Jumatatu na Alhamisi, siku nyingine ni maharage na kabichi. Mpishi wake aliuliza pia kuhusu dawa, na ni haki yake. Namwonyesha kopo lenyewe, na siku za kusubiri kabla ya kuchuma zilizoandikwa kwenye kibandiko ndizo ninazofuata. Shamba nimeligawa vipande ili kila wiki kiwepo kipande ambacho siku zake zimeisha.

Masika yalipofika, Februari sado ya Majengo ilifika shilingi 7,000 na ikakaa hapo wiki nzima. Dalali alikuja na bei ambayo sikuwahi kuisikia. Nilitenga kilo 15 za mama kwanza, kisha nikamuuzia zilizobaki. Jioni ile nilimwandikia: «Mama, sado imepita 6,000, tukae.» Tukapanga shilingi 2,000 kwa za kachumbari na 1,600 kwa za rosti, wakati sokoni ilikuwa inamfikia zaidi ya 2,300 kwa kilo bila nauli. Rosti aliipunguza nyanya, akaongeza karoti na hoho zangu.

Kisha Juni nyanya zikajaa, sado ikashuka hadi 2,500. Safari hii ujumbe ulitoka kwake: «Mwanangu, imeshuka chini ya 3,000, wiki imeisha.» Nikamjibu kwamba makubaliano yetu yanamuunga mkono. Tukashuka hadi 1,000 na 700, kilo 60 zikarudi, na akaongeza kilo tano za bamia kila Alhamisi.