Kisanduku cha sentimita kumi

Patani ya kwanza niliyouza ilikuwa ya gauni la kitenge lenye mikono: saizi sita kwenye faili moja la PDF, kurasa 28 za A4 za kuunganisha kwa gundi. Kabla ya kuiuza niliwapa mafundi wenzangu watatu waijaribu. Wote walileta magauni mazuri, wakasema haina shida.

Kumbe fundi mzoefu akikuta pengo kwenye maelekezo, mkono wake unaliziba wenyewe, na wala hakumbuki kukuambia. Kwa hiyo nikatafuta wengine watatu, safari hii wanafunzi wa cherehani wenye maumbo tofauti. Kila mjaribu, fundi kwa mwanafunzi, nilimpa kitambaa cha shilingi 20,000. Hawa wanafunzi niliwawekea sharti moja: ukikwama usimuulize mtu, andika umekwama wapi.

Mmoja alishona mkono wa kulia upande wa kushoto. Mimi nilikuwa nimeandika tu “pachika mikono”, basi. Sasa patani ina alama moja mbele ya mkono na mbili nyuma, shimo la kwapa lina alama zilezile, na maelekezo yanasema zikutanishe kwanza, ubane kwa pini, ndipo ushone.

Wa pili ndiye aliyenifunza zaidi. Vipande vyake vilikutana vizuri kabisa, lakini gauni lilimbana. Kifua chake ni sentimita 96, na gauni likiisha linatakiwa kuwa 104. Nilipolipima kwa futi nikapata karibu 100. Nikamwomba ile karatasi. Mtu wa stesheneri aliprinti kwa “Fit”, kompyuta ikapunguza kila kitu hadi asilimia 96. Kwa kuwa vipande vyote vinapungua pamoja, mishono inakutana bila kasoro, na kosa hulijui mpaka uvae.

Ndiyo maana ukurasa wa kwanza sasa una kisanduku cha sentimita 10 kwa 10, na juu yake nimeandika: mwambie anayeprinti achague “Actual size”, atoe ukurasa huu mmoja, upime. Kikiwa 9.6, usiendelee. Wengi wetu tunaprinti nje na tunalipia kila karatasi, kwa hiyo ni bora kuharibu moja kuliko 28.

Bei nilikuwa nimepanga 3,000, kwa kuwa “ni karatasi tu”. Halafu nikakaa na daftari. Saa 60 za kuchora na kuandika, kila saa 4,000, ni 240,000. Vitambaa vya wajaribu sita ni 120,000. Jumla 360,000. Kwa 3,000 ningehitaji wanunuzi 120 ili nirudishe tu gharama, kwa 9,000 ni 40. Nikaweka 9,000, na fundi akishailipia anaruhusiwa kushona magauni ya kuuza kadiri apendavyo. Ninachomkataza ni kusambaza faili.