Senti zilizonigombanisha na mtaalamu wa ERPNext

"Shusha bei kidogo tu." Huo ndio ushauri wa kwanza niliopewa na fundi aliyetuwekea mfumo wa uhasibu wa ERPNext, na mpaka leo nikiukumbuka naudhika.

Tunauza kwa jumla hapa Nairobi. Bidhaa yetu moja ni shilingi 100, VAT ya asilimia 16 ikiwa ndani. Fundi aliingiza bei isiyo na kodi: 100 ukigawa kwa 1.16 unapata 86.2069 na mkia mrefu, kwa hiyo akaandika 86.21. Ukiuza moja, hakuna wa kugundua. Mteja alipochukua 500, mfumo ukazidisha ile senti iliyokwisha kukadiriwa: 43,105.00, kodi 6,896.80, jumla 50,001.80. Mteja katuma 50,000 kama tulivyopatana, na kila mwisho wa mwezi taarifa yake ya deni inasema anadaiwa shilingi moja na senti themanini. Mhasibu wao alinipigia akicheka, halafu akapiga tena bila kucheka.

Basi nikashusha bei kama nilivyoambiwa, 86.20. Jumla ikawa 49,996. Sasa sisi ndio tunakosa shilingi nne! Nikamrudia bwana fundi. "Ongeza desimali." Kwa 86.207 ikaja 50,000.06. Kwa 86.2069 ikatulia 50,000.00 na akaniangalia kama aliyeshinda ligi. Nikamwandikia palepale ankara ya majaribio ya vipande 10,000. Ikatoka 1,000,000.04. Alinyamaza, nami nikafurahi kuliko ilivyostahili.

Kilichofanya kazi ni kuacha kumpa mfumo bei iliyokatwa tayari. Kwenye bidhaa niliandika 100, na kwenye mstari wa kodi nikaweka tiki pale `Is this Tax included in Basic Rate?`. Hapo hesabu inaanzia 50,000, inagawanywa mara moja kwa mstari mzima: 43,103.45 mauzo na 6,896.55 kodi. Jumla haina pa kukimbilia.

Za dola ni habari nyingine, kwa sababu hapo hakuna aliyekosea bei. Chukua ankara ya mistari mitatu: 33.33, 33.33 na 33.34, yaani dola 100, na VAT dola 16. Kiwango cha siku ni 129.245. Deni la mteja ni 116 mara 129.245, sawa na 14,992.42. Lakini mauzo yanabadilishwa mstari kwa mstari: 4,307.74 mara mbili na 4,309.03, jumla 12,924.51. Kodi ni 2,067.92. Upande wa krediti umefika 14,992.43 na debiti ni 14,992.42. Senti moja imezaliwa kwenye kukadiria, na leja haiwezi kufunga bila kuiwekea mahali.

Mahali pake ni `Round Off Account`, inayowekwa kwenye ukurasa wa Company pamoja na `Round Off Cost Center`. Ukiziacha wazi, ankara kama hiyo itagoma kupita. Ukizijaza, mfumo wenyewe unadebiti ile senti moja huko na mambo yanaendelea. Ukiwa unatumia `Rounded Total`, yaani jumla iliyokadiriwa hadi shilingi nzima, marekebisho yake nayo yanaingia akaunti hiyohiyo, kwa hiyo usishangae kuona senti 40 humo.

Kuna mhasibu mwenzangu aliyenishauri nizisukume tofauti hizi kwenye akaunti ya VAT kwa ingizo moja la jarida mwisho wa mwezi, "zimezwe huko." Tafadhali usijaribu. Akaunti ya VAT inapaswa kulingana na kodi iliyoandikwa kwenye ankara zilizopita eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA, na ukiichafua kwa senti za kukadiria, siku ya ritani utatafuta tofauti uliyoitengeneza mwenyewe.

Kwa ankara, mfumo unameza tofauti isiyozidi nusu shilingi. Ikizidi unakataa na kusema `Debit and Credit not equal`. Kwa ingizo la jarida ni mkali zaidi, senti tano tu. Watu huona ujumbe huo wakakimbilia kuongeza mstari wa kusawazisha. Mimi naanza na kiwango cha kubadilisha fedha, kisha mstari wa kodi ulioandikwa kwa mkono, maana mara nyingi ndimo kosa lilimo.

Na leja ya Round Off naifungua kila mwezi. Senti zenye afya huenda huku na huku, debiti na krediti, na salio hubaki dogo. Zikianza kulalia upande mmoja, natafuta bidhaa iliyoingizwa kwa bei iliyokatwa tayari. Mwezi uliopita ilikuwa moja, sabuni, na aliyeiingiza ni yule yule fundi.