Muuza pembejeo aliponikatalia vidonge vya ghalani

Mbaazi za mama zilianza kubunguliwa mwezi wa Agosti, muda mfupi baada ya kupigwa na kupepetwa. Kwa anayelima huku Nachingwea hilo si jambo geni. Mdudu wa mbaazi huanza kutaga mayai shambani, maganda yakiwa bado mtini, kwa hiyo mtu anafunga gunia akiamini ni safi kumbe funza tayari yuko ndani ya punje. Kwa joto letu, kizazi kimoja hukamilika kwa takriban mwezi mmoja, kisha wadudu hao nao hutaga juu ya punje zilizobaki. Mama alikuwa na magunia 4: mawili ya kula, mawili ya mbegu ya kupanda mvua zikianza.

Nikamtuma mpwa wangu mjini kwa pikipiki, kwenye duka la pembejeo, anunue vile vidonge vinavyowekwa ghalani kuua wadudu. Alirudi mikono mitupu. Nilimwomba aniambie maneno ya muuzaji kama yalivyotamkwa, bila kuyafupisha, akasema: "Amesema, 'Vipo, lakini hiyo simpi mtu aliyetumwa. Sijui inaenda kuwekwa wapi.'"

Hapo nyumbani kila mtu akawa na lake. Jirani mmoja alisema muuzaji anaringa, twende gulioni kuna mtu anauza kimoja kimoja, amevifunga kwenye karatasi. Shemeji akashauri nipige simu niseme natoka chama cha msingi, vidonge ni vya ghala la chama. Mimi niliyarudia yale maneno polepole. Hakusema havipo, wala hakusema haviuzwi kabisa. Alitaja mambo mawili asiyoyajua, nani anavitumia na vinawekwa wapi, na yote mawili nilikuwa na uwezo wa kumjibu.

Ili kuelewa kwa nini anauliza, ni lazima kujua vidonge vyenyewe. Ndani yake kuna alumini fosfaidi. Kikikutana na unyevu wa hewani, kidonge hutoa gesi ya fosfini. Cha gramu 3 hutoa kama gramu 1 ya gesi. Gesi hiyo ndiyo inayoua, wala haichagui mdudu na mtu, na hospitalini hakuna dawa ya kuiondoa sumu yake mwilini; wahudumu humsaidia mgonjwa kupumua na kulinda moyo wake, basi. Inapenya kwenye nyufa, chini ya mlango, na juu ya ukuta usiofika kwenye paa. Kile cha gulioni kilichofungwa kwenye karatasi huwa kimekwisha kuanza kutoa gesi tangu kopo lilipofunguliwa, na hakina lebo ya kukueleza chochote.

Kwa sababu hiyo ushauri wa shemeji ulinitisha kuliko hata wa gulioni. Ningesema ni ghala la chama, muuzaji angenipa maelekezo sahihi kabisa ya ghala la chama: jengo lililojitenga, turubai la kufunika, mlango uliofungwa kwa siku kadhaa, kisha kupitisha hewa kabla mtu hajaingia. Maelekezo hayo ningeyapeleka kwenye chumba kilichopakana na kitanda cha mama yangu. Uongo ungenipatia jibu la swali la mtu mwingine.

Nikamwandikia ujumbe kwa simu. Nauweka hapa ulivyokuwa:

"Shikamoo mzee. Mimi ndiye niliyemtuma yule kijana wa pikipiki. Nina magunia 4 ya mbaazi, mawili ya kula na mawili ya mbegu. Zimeanza kubunguliwa, nikichota kiganja kimoja napata punje tatu au nne zenye matundu. Zimewekwa kwenye chumba cha nyumba ya mama, si ghala. Chumba hicho kimepakana na anapolala mama na wajukuu wawili, na ukuta wa katikati haujafika juu. Vidonge hivyo sijawahi kuvitumia wala kufundishwa. Ninachohitaji ni mbegu iote Desemba na za kula zifike angalau Machi. Kama vidonge havifai, naomba unielekeze kinachofaa."

Sentensi niliyosita kuiandika ni ile ya ukuta. Nilijua inaniharibia ombi. Lakini ndiyo hasa aliyokuwa akiitafuta, na bila hiyo yote mengine yangekuwa mapambo. Sikuongeza cheo wala jina la ofisi, wala sikumweleza kwamba mimi ni mtu mwema. Mtu mwema naye anaweza kuweka sumu mahali pabaya. Na ombi lenyewe nililihamisha: badala ya kudai kidonge, nikataja mbaazi zifike wapi.

Alinipigia jioni. "Sasa nimekuelewa, dada. Vidonge sikuuzii hata ukija mwenyewe, maana hapo watu wanalala. Lakini kazi yako haihitaji vidonge." Hili la pili lilikuwa katazo la aina nyingine. La kwanza lilitokana na kutojua, hili limetokana na kujua, na sikuwa na la kuongeza. Nilimwuliza tu hicho kinachofaa ni kipi.

Kilikuwa mifuko isiyopitisha hewa, ile ya tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki nene ndani, na kiroba cha kawaida nje. Wadudu waliomo hutumia hewa iliyobaki hadi inapungua sana, wanaacha kula, wanaacha kuzaa, hatimaye wanakufa. Hakuna sumu, kwa hiyo mbaazi za kula zinabaki salama na mbegu inaota, ilimradi imekauka vizuri kabla ya kufungwa.

Kuhusu ukavu alinifundisha kipimo cha chumvi. Weka chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu ya kioo, ongeza punje hadi kama robo ya chupa, funga, tikisa, uache kwa dakika 15 hivi. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha mbaazi juani. Zetu zilinata, tukazianika tena. Kisha kila mfuko wa ndani tuliujaza hewa na kuubana tukisikiliza kama unavuja, maana tundu dogo tu linatosha kuwapa wadudu uhai. Tulipojaza tukakandamiza kutoa hewa, tukasokota mdomo wa mfuko wa kwanza, tukaukunja na kuufunga kwa kamba, halafu wa pili, halafu kiroba. Mama aliambiwa asifungue kuchungulia, kwa kuwa kila ukifungua unaingiza hewa mpya.

Desemba tulifungua mifuko ya mbegu. Punje zilizokuwa na matundu tangu Agosti zilibaki hivyo, haziponi, ila mapya hayakuongezeka, na tulipojaribu kuotesha punje chache kwenye kitambaa chenye maji, nyingi ziliota. Tukapanda.

Kikundi chetu cha akina mama kina ghala lake pembeni ya kijiji, halina anayelala karibu. Msimu uliofuata niliandika ombi kwa mtindo uleule: ukubwa wa jengo, madirisha, umbali hadi nyumba ya kwanza, nani ana ufunguo. Safari hii muuzaji hakukataa. Hata hivyo vidonge hakutukabidhi sisi. Alituunganisha na mfukizaji aliyesomea kazi hiyo, ambaye alifika na vifaa vyake, akataka kwanza tuzibe nyufa mbili nilizokuwa nimezitaja kwenye ombi.